Rasimu imejaa "vingi", "baadhi" na "asilimia kubwa": kutafuta chanzo kabla ya kuweka namba

Aya ifuatayo ni ya mfano. Nimeitunga kutokana na zile ninazozihariri kila mwezi, taarifa za kamati za maji za vijijini zinazopelekwa wilayani:

> Vituo vingi vya kuchotea maji katika kata yetu havitoi maji. Wananchi wengi wanatembea umbali mrefu, na baadhi yao wameanza kutumia maji ya mtoni. Asilimia kubwa ya kaya hazichangii mfuko wa maji. Mara nyingi pampu huharibika na matengenezo huchukua muda mrefu.

Kiswahili chake ni safi na huenda kila sentensi ni ya kweli. Lakini mtu wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini Tanzania, atakayeisoma wilayani hawezi kuamua lolote kwa aya hii. Hajui kama apeleke fundi mmoja kwa siku mbili au aombe fedha za kuchimba kisima kipya, wala kama kata hii ina hali mbaya kuliko ile ya jirani, ambayo nayo imeandika "vituo vingi".

Mhariri akiona hivyo huandika pembeni "weka namba" na kurudisha rasimu. Nimefanya hivyo miaka mingi ya mwanzo na nilijifunza kwamba dawa hiyo huzaa ugonjwa mwingine, kwa sababu mwandishi aliyeambiwa aweke namba ataweka namba yoyote aliyo nayo karibu. "Vingi" ni dalili. Kuna "vingi" ya mtu mwenye daftari la idadi mkobani ambaye amesahau tu kulifungua, kuna "vingi" ya mtu aliyehesabu nusu ya kazi, kuna "vingi" ya mtu ambaye hajaamua anahesabu nini, na kuna "vingi" ya mtu ambaye hakuhesabu kabisa. Neno ni lilelile, tiba ni nne tofauti.

Kuyakamata maneno yenyewe

Kwa Kiswahili kazi hii ina usumbufu wake, maana neno hubadilika kwa ngeli: wengi, nyingi, mengi, mingi, vingi, mwingi. Ukitafuta "wengi" peke yake utaacha mengine yote. Kwenye programu ya kuandikia tafuta herufi "ngi" na upitie moja moja. Kama rasimu yako ni faili la maandishi matupu, amri hii, ukiiendesha kwenye terminal, itakutolea mistari yote yenye maneno hayo pamoja na namba zake:

```
grep -n -i -E "[ei]ngi\b|baadhi|kadhaa|chache|asilimia kubwa" rasimu.txt
```

Itakuletea pia "shilingi" na "msingi", ziruke. Ongeza maneno unayoyapenda wewe mwenyewe, kwa sababu kila mwandishi ana lake. Nimewahi kumhariri mtu ambaye kila kitu kwake kilikuwa "lukuki".

Dalili: "vituo vingi havitoi maji"

Niliposema chanzo kinaweza kuwa hesabu ya nusu, nilikuwa nafikiria sentensi hii. Ukimuuliza mwandishi, "Vingapi?", anakujibu, "Kumi na kimoja." Furaha hiyo isikufanye uandike 11 ukaendelea. Uliza pia: kumi na kimoja kati ya vingapi, na mlivifikia vyote?

Tuseme majibu ni haya. Daftari la kata lina vituo 31. Kamati ilizunguka tarehe 3 hadi 7 Septemba ikafika kwenye vituo 27. Kati ya hivyo 27, 11 havikutoa maji siku walipofika. Vinne vilivyobaki viko ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa linatengenezwa.

Hapo ndipo mwandishi alipojificha nyuma ya "vingi". Hakuwa na hakika aandike 11 kati ya 27 au 11 kati ya 31, akaona neno la jumla litamwokoa. Na kweli, kuandika "vituo 11 kati ya 31 havitoi maji" ni kosa, maana kunavihesabu vile vinne kuwa vizima bila mtu kuvitia machoni.

Kinachohitajika hapa ni mipaka. Chukulia kwanza kwamba vile vinne vyote vinatoa maji: vibovu ni 11. Kisha chukulia kwamba vyote vinne vimekufa: vibovu ni 15. Ukweli hauwezi kutoka nje ya hizo mbili. Kwa hiyo unaandika: "Kati ya vituo 31 vya kata, visivyotoa maji havipungui 11 wala havizidi 15, vinne hatukuvifikia." Kiswahili kina utajiri mkubwa kwenye eneo hili. "Wasiopungua" na "wasiozidi" ni neno moja moja, linaingia kwenye sentensi bila kuivunja, na linasema mpaka wenyewe uko wapi.

Tazama mipaka hiyo inavyofanya kazi zaidi ya pale ilipowekwa. Nusu ya 31 ni 15 na ushee. Kwa hiyo hata katika hali mbaya kabisa huwezi kuandika "zaidi ya nusu ya vituo", na mwandishi aliyekuwa akitaka kuandika hivyo sasa anajua kwamba angesema uongo. Theluthi ya 31 ni 10 na ushee, kwa hiyo hata katika hali nzuri kabisa unaweza kuandika "zaidi ya theluthi moja" na hakuna atakayekupinga. Ukitaka neno la jumla kwa ajili ya kichwa cha habari, hilo ndilo lako, na limesimama juu ya hesabu.

Kuna jambo la pili lililojificha kwenye "havitoi maji". Siku ya Septemba ni kiangazi katika maeneo mengi ya Tanzania, na kisima kifupi kinaweza kukauka Septemba kikarudi baada ya masika. Kituo kilichokauka kwa msimu na kituo ambacho pampu yake imevunjika ni matatizo mawili yenye bajeti mbili. Tarehe ikikaa ndani ya sentensi, msomaji atajua ni hali ya lini. Mwandishi akiweza kutenganisha vilivyokauka na vilivyovunjika, afanye hivyo.

Niongeze neno kuhusu "wengi" penyewe, kwa sababu Waswahili wawili wanaweza kulisoma kwa namna mbili. "Wananchi wengi" kwa mmoja ni watu tele, kwa mwingine ni zaidi ya nusu. Sheria haiwezi kukubali utata huo. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye kumchagua Rais, inataka zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Tanzania Rais hutangazwa yule aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, bila sharti la nusu. Kote kuwili mtaani tutasema "amepata kura nyingi", ilhali ni vipimo viwili tofauti. Ukimaanisha zaidi ya nusu, andika zaidi ya nusu.

Dalili: "asilimia kubwa"

Hili ndilo neno ninalolichukia kuliko yote, na nalikuta kila siku, magazetini na kwenye hotuba. Limevaa nguo za takwimu bila kuwa na takwimu ndani. "Asilimia kubwa ya kaya hazichangii" haina habari zaidi ya "kaya nyingi hazichangii", ila inamfanya msomaji adhani kuna mtu alipiga hesabu.

Mara nyingi chanzo chake ni kwamba mwandishi hajaamua anahesabu nini. Fungua daftari la mhazini. Kijiji kina kaya 412 zilizoandikishwa. Katika miezi mitatu, Julai hadi Septemba, kaya 173 zilichangia angalau mara moja. Kaya 88 zilichangia miezi yote mitatu bila kukosa. Sasa niambie, kaya "zisizochangia" ni zipi?

Ukisema ni zile ambazo hazikutoa hata shilingi, ni 412 ukitoa 173, yaani 239, sawa na asilimia 58. Ukisema ni zile zilizokosa walau mwezi mmoja, ni 412 ukitoa 88, yaani 324, sawa na asilimia 79. Zote mbili ni "asilimia kubwa". Lakini ya kwanza inazungumzia watu waliojitoa kabisa kwenye mfuko, na ya pili imewachanganya hao na mama aliyelipa Julai na Agosti, kisha Septemba akashindwa kwa sababu ya ada ya shule. Kamati itakayokwenda kuzungumza na makundi hayo inahitaji maneno tofauti kwa kila kundi.

Kwa hiyo usibadilishe neno kwa asilimia kabla ya kuandika, kwa maneno, nini maana ya kitu unachokihesabu. Ikishaandikwa, namba hujileta: "Kati ya kaya 412, kaya 239 (asilimia 58) hazikuchangia hata mara moja kati ya Julai na Septemba." Idadi kamili itangulie na asilimia ifuate, ili msomaji aweze kurudia hesabu yako mwenyewe.

Hapo hapo angalia viungo vidogo. "Wachangiaji wameongezeka kwa 88" na "wameongezeka hadi 88" hutofautiana kwa neno moja, na nimeshika rasimu ambazo moja iliandikwa mahali pa nyingine. Hali kadhalika na asilimia: uchangiaji ukitoka asilimia 20 ukafika 30, umepanda kwa alama 10 za asilimia, na wakati huohuo umeongezeka kwa nusu ya ulivyokuwa. Njia salama ni kuandika ulipotoka na ulipofika, ukaacha "umeongezeka kwa" kabisa.

Dalili: "baadhi yao wameanza kutumia maji ya mtoni"

Hapa ukiuliza unaambiwa: "Tulizungumza na akina mama 14 kwenye foleni ya kisima, na 5 walisema wiki iliyopita waliteka maji mtoni." Kishawishi cha kupiga hesabu ni kikubwa. Tano kwa kumi na nne ni karibu asilimia 36. Usiiandike.

Sababu ya kwanza ni udogo wa kundi. Katika watu 14, jibu la mtu mmoja tu linasogeza asilimia kwa 7. Sababu ya pili ndiyo nzito, na ndiyo inayowaponyoka watu. Hao 14 walipatikana wapi? Kwenye foleni ya kisima. Yule ambaye ameacha kisima kabisa na kwenda mtoni kila siku hakuwa kwenye foleni, alikuwa mtoni. Umewauliza watu wa kisimani swali kuhusu mto, kwa hiyo namba yako haiwezi kuwakilisha kijiji, na kuna uwezekano mkubwa kwamba iko chini ya ukweli.

Je, turudi kwenye "baadhi"? Hapana. Andika kile ulichokiona, kwa ukubwa wake halisi: "Kati ya akina mama 14 tuliowakuta kwenye foleni ya kisima cha shule tarehe 5 Septemba, 5 walisema wameteka maji mtoni angalau mara moja katika siku saba zilizopita. Hatukuwahoji watu waliokuwa mtoni." Sentensi ni ndefu kuliko ya awali, na sioni haya kuirefusha. Sentensi ya mwisho ndiyo inayomzuia mtu wa wilayani asiigeuze kuwa asilimia kwa niaba yako.

Dalili: "umbali mrefu"

Hii ni nyepesi, kwa sababu kipimo kipo tayari. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kwa vijijini lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, na umbali usiozidi mita 400 kutoka kwenye makazi. WHO na UNICEF, katika vipimo vyao vya huduma ya msingi, hutumia dakika 30 za kwenda na kurudi pamoja na kusubiri foleni. Chagua kimoja na upime umbali wako kwa hicho. Simu yenye ramani inaweza kukupa njia ya miguu. "Kutoka kitongoji cha mbali zaidi hadi kituo cha karibu kinachotoa maji ni kilomita 1.9, zaidi ya mara nne ya mita 400 za sera ya 2002." Neno "mrefu" halina kazi tena.

Dalili: "mara nyingi", "muda mrefu", na wastani unaodanganya

Daftari la fundi lina matukio 6 ya kuharibika kwa pampu ya kisima kimoja katika miezi 12. "Mara nyingi" imepata namba: mara 6 kwa mwaka, yaani kwa wastani mara moja kila miezi miwili. Nayo matengenezo yalichukua siku 2, 3, 3, 5, 9 na 74.

Mwandishi mwenye bidii atajumlisha, apate siku 96, agawanye kwa 6, aandike: "Matengenezo huchukua wastani wa siku 16." Hesabu ni sahihi na sentensi inapotosha. Hakuna tengenezo hata moja lililokaribia siku 16. Tukio moja la siku 74, pampu iliposubiri silinda kutoka mjini, limevuta namba yote juu, na sasa msomaji anafikiri fundi ni mzembe kila mara, wakati fundi anafanya kazi yake ndani ya siku chache na tatizo ni vipuri.

Utajuaje kwamba wastani wako umeharibika hivyo? Panga namba kutoka ndogo hadi kubwa na uangalie ya katikati. Hapa za katikati ni 3 na 5, kwa hiyo katikati ni siku 4. Ikiwa ya katikati ni 4 na wastani ni 16, kuna namba moja au mbili zinazobeba zote, na msomaji anastahili kuzijua. Andika mpaka na utaje kile kilichoutoka: "Kati ya matengenezo 6 ya miezi 12, 5 yalikamilika ndani ya siku 9, moja lilichukua siku 74 kwa kukosa silinda."

Dalili inayokuja baada ya tiba: namba zinazojikana

Rasimu ikishasafishwa, huzuka tatizo jipya: "takriban kaya 412", "kaya zipatazo 239", "karibu asilimia 58.01". "Takriban" na "zipatazo" ni maneno ya namba iliyokadiriwa. Ukiwa umehesabu 412, andika 412. Ukiwa umekadiria, andika "takriban 400" na useme umekadiria vipi. Viwili hivyo havikai kitanda kimoja.

Upande wa pili ni namba kamili kuliko inavyohitajika. Sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania watu 61,741,120, na ya 2012 ilikuwa imehesabu 44,928,923. Kwenye jedwali zibaki hivyo. Ndani ya sentensi "kutoka milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7 mwaka 2022" inasomeka kwa pumzi moja na haijapoteza kitu ambacho msomaji angekitumia. Na asilimia ya kundi la watu chini ya mia haihitaji desimali yoyote.

Namba ikikosekana kabisa

Kuna wakati unauliza na jibu ni kimya. Hakuna daftari, hakuna aliyehesabu, na taarifa inatakiwa kesho. Kama kitu chenyewe kinahesabika kwa nusu saa, nenda kahesabu. Kama hakihesabiki, tafuta mpaka mmoja unaoweza kuusimamia: ukiwa na majina ya wakulima watatu waliopoteza mazao, "wakulima wasiopungua watatu" ni kweli leo na itabaki kweli hata wakijitokeza wengine kumi. Kama ni maneno ya mtu, yaache yawe yake: "Mwenyekiti wa kitongoji alisema kaya nyingi zimehama, hatuna idadi." Na kama huna hata kimoja kati ya hivyo, ifute sentensi.

Mara chache "baadhi" hubaki makusudi. Kijijini, ukiandika "kaya 1 kati ya 9 za kitongoji cha juu inadaiwa mwaka mzima", kila mtu anajua ni mlango gani. Hapo unganisha vitongoji hadi idadi iwe kubwa ya kutosha kumficha mtu, au andika "kaya zisizozidi 5". Pia "tunawashukuru wengi waliojitolea" haimwamulii mtu jambo lolote, basi iacheni ilivyo.

Aya ya mwanzo, baada ya yote hayo:

> Kati ya vituo 31 vya kuchotea maji vya kata, visivyotoa maji tarehe 3 hadi 7 Septemba havipungui 11 wala havizidi 15. Vinne vilivyo ng'ambo ya mto hatukuvifikia. Kutoka kitongoji cha mbali zaidi hadi kituo cha karibu kinachotoa maji ni kilomita 1.9. Akina mama 5 kati ya 14 tuliowahoji kwenye foleni ya kisima cha shule walisema wameteka maji mtoni katika siku saba zilizopita. Hatukuwahoji waliokuwa mtoni. Kati ya kaya 412 za kijiji, kaya 239 (asilimia 58) hazikuchangia mfuko hata mara moja kati ya Julai na Septemba. Pampu ya kisima cha shule iliharibika mara 6 katika miezi 12. Matengenezo 5 yalikamilika ndani ya siku 9, na moja lilichukua siku 74 kwa kukosa silinda.

Kabla ya kuituma, mtu mmoja ambaye hakuiandika aichukue pamoja na daftari la kata, la mhazini na la fundi, aweke kidole kwenye kila namba na aitafute ilikotoka. Isiyopatikana ndani ya dakika tano irudishwe kwa mwandishi.